Mbuzi au kondoo anaposhindwa kuzaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbuzi na kondoo wengi huzaa wenyewe, mara nyingi usiku, na asubuhi unakuta kitoto kimeshakauka na kinanyonya. Ukurasa huu unahusu wale wachache wanaokwama. Maswali yaliyomo ni yale ambayo sisi tunaohudumia mifugo vijijini huulizwa kwa simu na mfugaji aliyesimama bandani, tochi mkononi, asijue avute au asubiri. Kwa hiyo tumekaa zaidi kwenye mambo mawili: muda, na kukijua kiungo ulichokishika kabla hujakivuta.

Nitajuaje kwamba uchungu umeanza kweli?

Mimba ya mbuzi na ya kondoo huchukua takribani siku 150, siku tano nyuma au mbele. Siku za mwisho kiwele hujaa, uke huvimba, na mishipa migumu iliyo pande mbili za shina la mkia hulegea hadi unaweza kuzungusha vidole kama haipo. Uchungu ukianza mnyama hujitenga na wenzake, huparua chini kwa mguu, hulala na kuinuka, hugeuka kutazama ubavu wake, na ute mzito huning'inia nyuma.

Hatua hii ya kwanza ni ya shingo ya kizazi kufunguka. Bado hasukumi. Inaweza kuchukua saa mbili hadi sita, na kwa anayezaa mara ya kwanza hata saa kumi na mbili. Usimguse. Mwache mahali pakavu penye utulivu na umtazame kwa mbali, maana mbuzi akiona watu wamemzunguka anaweza kusitisha mambo yote.

Nisubiri mpaka lini kabla ya kuingilia?

Anza kuhesabu anapoanza kusukuma kwa nguvu, yaani analala chini, anakaza tumbo, ananyoosha miguu na pengine analia. Andika saa kwenye simu yako, usiikadirie, kwa sababu usiku dakika kumi huonekana kama saa nzima, na aliyechoka huona saa nzima kama dakika kumi.

Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachosogea, mchunguze. Chupa ikipasuka na saa moja ikapita bila kuona kwato wala pua, mchunguze. Kitoto cha kwanza kikitoka na mama akaendelea kusukuma nusu saa bila cha pili kuonekana, mchunguze. Kuchunguza maana yake ni kuingiza vidole safi ili kujua kilichopo. Si kuvuta.

Yako mambo ambayo hayasubiri nusu saa. Ukiona kichwa kimetoka bila mguu wowote, mkia peke yake, mguu mmoja tu, ulimi uliovimba na kuwa wa bluu, damu nyingi nyekundu, au maji ya kahawia yenye harufu mbaya, chukua hatua papo hapo. Maji yaliyochanganyika na uchafu wa kijani au wa njano iliyokolea yanaonyesha kwamba kitoto kimejisaidia tumboni kwa kukosa hewa, hivyo muda wake ni mfupi.

Pia yuko mnyama anayedanganya kwa ukimya. Alianza uchungu mchana, akahangaika, kisha akatulia, hasukumi, hali, na jioni bado hajazaa. Mara nyingi kitoto kimekuja kwa makalio, na kwa kuwa hakuna kwato wala kichwa kilichoingia kwenye nyonga, mama hapati msukumo wa kumfanya akaze. Watu husema amepumzika, kumbe muda unakwisha.

Kitoto kilichokaa vizuri huonekanaje?

Hutangulia miguu miwili ya mbele, mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine, na pua imelala juu yake, kama mtu anayepiga mbizi mtoni. Nyayo za kwato zinatazama chini. Ukiona hivyo na kila msukumo unaleta sentimita moja au mbili, kaa pembeni.

Kitoto kinachotanguliza miguu miwili ya nyuma, iliyonyooka, nacho kinaweza kuzaliwa bila kugeuzwa. Usijaribu kukigeuza tumboni, utapasua kizazi. Hatari yake iko mwishoni: makalio yakishapita, kitovu hubanwa kwenye nyonga huku kichwa kikiwa bado ndani, na kitoto hujaribu kuvuta pumzi kwenye maji. Kwa hiyo kivute polepole mpaka makalio yatoke, kisha malizia haraka bila kusimama.

Naona miguu miwili. Nitajuaje ni ya mbele au ya nyuma?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa. Nyayo zikitazama chini, huenda ni miguu ya mbele. Zikitazama juu, huenda ni ya nyuma. Lakini kitoto kinaweza kuwa kimelala chali, kwa hiyo usitosheke na nyayo. Fuata mguu kwa vidole kuanzia ukwatoni kwenda juu na uhesabu viungo viwili. Kunja cha kwanza, kisha cha pili. Vyote viwili vikikunjika upande mmoja, ni mguu wa mbele. Kama cha pili kinakunjika kinyume na cha kwanza na kina mfupa wenye ncha uliochomoza, ni mguu wa nyuma.

Kisha fuata kila mguu hadi kwenye mwili. Miguu ya mbele lazima ikutane kwenye kifua kimoja. Mapacha ni wa kawaida kwa mbuzi, na inatokea mguu mmoja ukawa wa huyu na mwingine wa ndugu yake. Ukivuta hapo unawafunga wote wawili mlangoni.

Fanya zoezi hili mchana kwa kitoto kilichokwisha zaliwa, macho ukiwa umeyafumba. Usiku wa dharura vidole vitakumbuka.

Nahitaji nini kabla ya kuingiza mkono?

Kata kucha, vua pete na saa. Osha mikono hadi viwiko kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, kisha osha uke na eneo la chini ya mkia. Vaa glovu. Paka kilainishi kingi, na ukikosa jeli ya dukani tumia mafuta safi ya kupikia. Sabuni ya unga haifai, inakausha na kuchoma nyama laini ya ndani. Andaa pia kamba mbili au tatu laini za pamba, za urefu wa kama mita moja, zilizochemshwa, pamoja na tinkcha ya aidini na vitambaa vikavu.

Mwenye mkono mdogo ndiye aingize, hata kama si mwenye uzoefu zaidi. Mbuzi wetu wa kienyeji ana nyonga nyembamba, na mkono wa mwanamume mnene haupiti bila kuumiza. Kusanya vidole viwe na ncha, ingia taratibu kati ya msukumo na msukumo, na mama akisukuma simamisha mkono hapo hapo mpaka amalize. Kizazi cha mbuzi ni chembamba, na ukishindana naye kwa nguvu kinachanika.

Miguu ya mbele imetoka lakini kichwa hakionekani. Nivute?

Hapana. Mara nyingi kichwa kimegeukia ubavuni, na kila unapovuta miguu shingo inazidi kujikunja. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, maana aina hii ndiyo huua vitoto vingi vilivyokuwa hai saa moja kabla.

Mama mmoja wa milima ya Uluguru, mfugaji wa mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norwei, alinipigia karibu saa tano usiku. Mbuzi alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza. Chupa ilipasuka saa nne kasoro, kwato mbili zikatoka, kisha hakuna kilichoongezeka.

"Mwanangu, jirani ameshashika miguu, anasema avute."

"Hapana mama, mwambie aachie kwanza. Binti yako yupo?"

Binti alinawa, akapaka mafuta, akafuata miguu kwa vidole kama nilivyomwelekeza. Viungo vyote vilikunjika upande mmoja, na miguu yote miwili ilifika kwenye kifua kimoja. Kwa hiyo ilikuwa miguu ya mbele ya kitoto kimoja. Pua hakuipata. Juu ya kifua aligusa shingo, na shingo ikapinda kwenda kushoto. Nilimwomba asiendelee, amweke mbuzi kwenye mteremko, makalio yakiwa juu na kichwa chini, ili uzito wa tumbo urudi mbele na nafasi iongezeke. Nikapanda pikipiki.

Nilipofika nilifunga kitanzi cha kamba kwenye kila mguu, juu ya kiungo cha kwanza. Kamba hizo hazikuwa za kuvutia wakati huo, zilikuwa za kunirudishia miguu baadaye. Kisha, mbuzi alipoacha kusukuma, niliweka kiganja kwenye kifua cha kitoto na kukirudisha ndani polepole. Hapa ndipo wengi hushindwa: wanataka kugeuza kichwa ndani ya nyonga, na humo hamna nafasi ya kugeuza kitu. Lazima kitoto kirudi kwanza tumboni.

Kifua kiliporudi, vidole viliifuata shingo hadi nyuma ya sikio, kisha shavu, kisha pembe ya mdomo. Nilitia kidole mdomoni na kitoto kikakinyonya, kwa hiyo kilikuwa hai. Nilifunika pua na meno kwa kiganja, maana meno ya mbele ya kitoto yanaweza kuchana kizazi, nikaleta kichwa mbele kwa mzunguko mdogo huku mkono mwingine ukisukuma kifua nyuma. Kilipokaa juu ya miguu nilipitisha kamba ya tatu nyuma ya masikio na kuipitisha mdomoni. Kamba ya kichwa haifungwi shingoni, wala haivutwi taya la chini peke yake, linavunjika.

Baada ya hapo tulivuta kwa kufuata msukumo wa mama. Mguu mmoja kidogo, kisha mwingine, ili mabega yapite moja baada ya jingine, na kichwa kikiongozwa kwa kamba yake. Kichwa kilipotoka, mwelekeo wa kuvuta ukawa chini kuelekea visigino vya mbuzi, si moja kwa moja nyuma, kwa sababu njia ya uzazi imepinda hivyo. Kitoto jike kilitoka kikiwa na ulimi uliovimba kidogo. Nikaingiza mkono tena, nikakuta cha pili kimetanguliza miguu ya nyuma, nacho kikatoka kwa dakika chache.

Jirani angevuta miguu ile kwa dakika kumi, tungekuwa na kitoto kilichokufa na mama aliyechanika. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasaidia kama alivyoona kwa ng'ombe.

Kichwa kimetoka, mguu mmoja au yote miwili imebaki ndani. Nifanyeje?

Mguu mmoja ukiwa umebaki nyuma na mama ana nafasi, kama kondoo mkubwa aliyewahi kuzaa, kitoto kidogo kinaweza kutoka hivyo kwa kuvuta kichwa na mguu uliopo. Ukiona hakisogei, acha.

Kwa miguu yote miwili, mfunge kamba ya kichwa kama nilivyoeleza, lainisha sana, inua makalio ya mama, kisha rudisha kichwa ndani taratibu kiasi cha vidole kupita chini yake kuelekea bega. Shuka na mguu wa mbele wa kitoto hadi kwenye goti, likunje, kisha ufunike ukwato kwa kiganja na kuuleta mbele. Kuufunika ukwato si hiari, ncha yake ikiburuzwa kwenye ukuta wa kizazi inakichana. Mguu mmoja ukishapatikana mara nyingi inatosha.

Kichwa kilichovimba sana na kukauka hakirudi ndani. Usikilazimishe. Mpigie mtaalamu. Na usiamini sura yake: kichwa kinaweza kuwa kimevimba, ulimi wa bluu, na kitoto kiko hai. Gusa jicho au tia kidole mdomoni uone kama kinajibu.

Nimegusa mkia tu.

Kimekuja makalio, miguu ya nyuma imekunjwa kwenda mbele chini ya tumbo. Ukivuta mkia hupati kitu. Sukuma makalio mbele kuelekea tumboni, tafuta kile kiungo chenye ncha, kikunje kabisa, kisha ushike ukwato ndani ya kiganja na uulete nyuma na juu hadi uingie kwenye nyonga. Rudia mguu wa pili. Baada ya hapo ni kitoto cha miguu ya nyuma, na malizia haraka kama ilivyoelezwa juu.

Vidole viwili tu ndivyo vinavyoingia, mbele kuna kitu kigumu cha duara.

Hiyo ni shingo ya kizazi ambayo haijafunguka. Kama hatua ya kwanza haijaisha, mwache na umwangalie tena baada ya saa moja au mbili. Kama chupa imeshapasuka, au saa hizo zimepita na duara liko vile vile, ni kazi ya daktari wa mifugo, na pengine upasuaji. Usiitanue kwa nguvu za vidole, inachanika na mama anavuja damu mpaka anakufa.

Duka la dawa wameniambia nimchome sindano ya kuongeza uchungu. Ni sawa?

Oksitosini hufanya kizazi kibane kwa nguvu. Kama shingo imefungwa au kitoto kimekaa vibaya, nguvu hiyo haina pa kwenda na kizazi kinaweza kupasuka. Kazi yake iko kwa mama aliyechoka, ambaye njia imefunguka na kitoto kimekaa sawa, na anayeamua hivyo ni aliyeingiza mkono na kujua kilichopo. Muuzaji aliye nyuma ya kaunta hajui. Dawa za mitishamba za kuharakisha uzazi zina hatari hiyo hiyo, na kiasi chake hakipimiki.

Nijaribu kwa muda gani kabla ya kukiri nimeshindwa?

Dakika kumi na tano. Kama kwa muda huo hujaelewa unachogusa, au umeelewa lakini hakisogei, toa mkono na utafute msaada. Kila dakika ya kuhangaika inakausha njia na kuivimbisha, na daktari atakayekuja anakuta mlango umeziba. Mwambie kwenye simu saa uchungu ulipoanza, saa chupa ilipopasuka, ulichogusa, na kama kuna mtu aliyekwisha vuta. Hilo la mwisho usilifiche, linabadilisha vifaa atakavyobeba.

Kuhusu nguvu ya kuvuta: watu wawili kwa mbuzi mmoja ni wengi mno. Ukihitaji kukanyaga ukuta ili uvute, kitoto ama kimekaa vibaya ama ni kikubwa kuliko nyonga.

Kwa nini mtamba wangu amekwama na mama yake hajawahi?

Angalia beberu kwanza. Mtamba wa kienyeji akipandwa na beberu wa Boer, au kondoo mdogo wa kienyeji akipandwa na dume la Doperi, kitoto huwa kikubwa kuliko njia. Kisha angalia uzito aliopandiwa. Subiri afike theluthi mbili ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Kama majike yako ni kilo 30, asipandwe chini ya kilo 20. Kumwaga pumba na mahindi kwa wingi wiki za mwisho nako hunenepesha mama na kukuza kitoto.

Kitoto kimetoka lakini hakipumui vizuri.

Futa ute puani na mdomoni, kiweke kichwa chini kidogo sekunde chache maji yatoke, chokonoa tundu la pua kwa jani kavu hadi kipige chafya, na kisugue mbavu kwa nguvu kwa kitambaa. Chovya kitovu kwenye tinkcha ya aidini. Vitoto vilivyovutwa huchelewa kusimama, na kichwa kilichovimba hakishiki chuchu, kwa hiyo kamua dang'a na ukipe ndani ya saa mbili: mililita 50 kwa kila kilo. Kitoto cha kilo mbili na nusu kinahitaji takribani mililita 125 mara hiyo ya kwanza. Kisicho na nguvu ya kunyonya usikimwagie mdomoni, kitaingiwa na maziwa kwenye mapafu. Kipashe joto kwanza, na kama bado hakinyonyi kinyweshwe na mtaalamu kwa mpira.

Na mama?

Ingiza mkono mara moja tu kuhakikisha hakuna kitoto kingine wala mchaniko. Mpe maji ya uvuguvugu. Kondo la nyuma hutoka kwa kawaida ndani ya saa sita hadi kumi na mbili. Likining'inia usilivute wala usilifunge jiwe. Kila mama aliyeingizwa mkono aonwe na mtaalamu ili apewe antibiotiki na dawa ya maumivu, na uulize siku ngapi maziwa yasitumike. Homa, kukataa kula, au uchafu unaonuka siku zinazofuata ni dalili kwamba kizazi kimeambukizwa.

Mke wangu ana mimba na ndiye mwenye mkono mdogo. Anaweza kusaidia?

Asisaidie, na asiguse kondo, maji wala kitoto kibichi. Brusela, homa ya Kyu, toksoplazma na klamidia huambukizwa kwa majimaji hayo na yanaweza kuharibu mimba yake. Wengine wote wavae glovu na wanawe vizuri. Kondo na vitoto vilivyokufa zikeni shimo refu ambalo mbwa hawafukui, mwagieni chokaa, na kama mbuzi zaidi ya mmoja wameharibu mimba msimu huo mjulisheni afisa mifugo kabla ya kuzika ili achukue sampuli.